Kuhusu yaliyotokea jana usiku

Jamani, habari za asubuhi. Jana nililala mapema, nimeamka nakuta meseji 114. Nimezisoma zote tangu ya kwanza, na zile mbili za sauti nimezisikiliza hadi mwisho.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Saa 2:40 usiku Juma aliuliza mbona jina lake halimo kwenye orodha ya waliochangia zawadi ya mwalimu. Rehema akajibu, "Angalia vizuri." Tunamjua Rehema, hata salamu huitikia kwa neno moja, lakini mtu aliyetoa pesa na haoni jina lake ataona anafukuzwa. Juma akarudi na "Kwani pesa imeishia kwa nani?" Hilo si swali, Juma. Ningekuwa mimi ndiye mweka hazina, ningewaka vilevile. Baada ya hapo orodha ikasahaulika, yakafukuliwa ya safari ya mwaka juzi ambayo wengine hata hatuyajui.

Sasa nimelinganisha saa. Orodha aliyobandika Rehema jana ni ileile aliyoiandika juzi mchana. Pesa ya Juma iliingia juzi saa 11:52 jioni, skrinshoti yake inaonyesha. Kwa hiyo Juma ametoa, na Rehema hajagusa senti ya mtu. Orodha ilikuwa ya zamani, basi.

Asubuhi hii nimempigia kila mmoja peke yake. Ile meseji aliyoifuta Juma, ambayo wengi mmeidhania tusi, ilikuwa skrinshoti hiyohiyo aliyoituma mara mbili.

Halafu kuna nyinyi wa "endeleeni, tunasoma" na vikaragosi vya kucheka. Mafuta ya ule moto mliyamwaga nyinyi. Bila watazamaji, hawa wawili wangekuwa wamemalizana kabla ya saa 3. (Stika ya mbuzi ilinichekesha, nakiri. Isirudi.)

Rehema, umetushikia pesa mara tatu na hazijawahi kupungua. Hakuna aliyekuita mwizi, ila naelewa kwa nini ulisikia hivyo. Juma, kuuliza mchango wako ni haki yako, uliza tena siku yoyote, ila lile la "kwa nani" liondoe. Sitaki mtu aombe radhi hapa mbele ya watu 31. Mkitaka kuongea, namba mnazo.

Leo saa 12 jioni Rehema atabandika orodha mpya, na kuanzia sasa kila orodha iandikwe tarehe na saa juu kabisa. Ya jana tusiyajibu tena humu, hata kwa stika. Nikiona nafuta, maana uadmini mlinipa wenyewe.

Waliobaki kuchangia ni sita. Mmoja ni mimi, natuma sasa hivi.