Mwalimu, Idrisa hatacheza mechi nne zilizobaki

Asalaam aleikum Mwalimu,

Ni mimi Mama Idrisa, yule namba tatu wako. Jana jioni nilikupigia nikajua uko uwanjani na vijana, basi nimeona nikuandikie, maneno yote yakae pamoja.

Idrisa hatacheza tena msimu huu. Amevunjika mguu wa kushoto, ule mfupa mwembamba wa nje, karibu kabisa na kifundo. Jumatatu tulikwenda Bombo, wakampiga picha na kumfunga plasta ngumu, na anatembelea magongo. Plasta itakaa wiki nne. Ikifunguliwa atapigwa picha tena, kisha wiki tatu hivi za kujifunza kukanyaga na mazoezi ya viungo kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Nimeitazama ratiba uliyotugawia: mechi ya mwisho ni baada ya wiki tano. Picha ya cheti cha daktari nimekutumia chini ya ujumbe huu.

Najua Jumamosi ulimwona akiinuka baada ya kugongana, ukamtoa, ukamwekea maji ya baridi, na yeye akakwambia ameteguka tu. Sisi nasi tulidhani hivyo. Wenzake walimleta kwa baiskeli, na Jumapili bibi yake akamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Mtoto alipiga kelele ambayo bado ninayo masikioni. Tulipofika hospitali, daktari aliuliza kitu kimoja ambacho sikuwahi kukifikiria: baada ya kuumia, aliweza kupiga hatua nne? Hakuweza. Akanieleza kwamba kwa mtoto wa miaka 13, sehemu ya mfupa inayokua ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kifundo, kwa hiyo pale mtu mzima angeteguka, mtoto anaweza kuvunjika. Nakuandikia hili kwa sababu una watoto wengine ishirini wa umri huohuo. Akiumia mmoja wao na akashindwa kukanyaga, au akilalamika ukimbonyeza juu ya mfupa, tafadhali apelekwe kupigwa picha siku ileile, na asikandwe. Sikulaumu hata kidogo, Mwalimu. Mimi mwenyewe nilikaa naye siku nzima bila kujua.

Sasa ombi langu kubwa. Idrisa atakuja kwako. Ameshaanza kuniuliza kama plasta inaweza kufunguliwa mapema ili awahi mechi ya mwisho, na juzi nilimkuta amesimama bila magongo anajipima. Atakwambia haumii. Atakwambia mama amekubali. Usimwamini, hata akilia. Daktari amesema mfupa ukiguswa vibaya pale unapokulia, mguu unaweza kupinda au ukawa mfupi kuliko mwenzake, na sitaki aje kuujutia mguu huo akiwa na miaka 20 kwa sababu ya dakika tisini za leo. Siku atakaporuhusiwa nitakuja naye mimi mwenyewe na karatasi ya daktari mkononi. Bila karatasi hiyo, hata mpira wa kupigiana pasi asipewe.

Kinachomuumiza zaidi si mguu. Anaogopa namba yake. Ndiyo maana Jumamosi alikudanganya kuhusu maumivu, hilo amenikiri usiku akiwa amelala chali anatazama dari. Sikuombi umwekee nafasi, maana hata huyo atakayecheza namba tatu sasa ni mtoto wa mwenzangu na anastahili kuaminiwa. Ila ukipata dakika tano, mpigie. Mwambie kwa mdomo wako kwamba mtoto akisema ameumia hapotezi kitu kwako. Nimemwambia mimi, lakini neno langu na lako hayalingani kwake katika mambo ya mpira.

Na kama hutaona tabu, ningependa awe anakuja Jumamosi kukaa benchi na wenzake. Nitamleta kwa bajaji na kumrudisha. Mpe daftari akuandikie kona, faulo, nani kapoteza mpira wapi. Mwandiko wake ni mzuri na anaujua mchezo. Siku za mazoezi abaki nyumbani, kwa sababu akiuona mpira unakuja upande wake najua atanyoosha mguu.

Ada ya mwezi huu nimeshalipa na siidai. Ikifaa, nunueni bandeji na kile chombo cha kuwekea barafu, kiwepo pembeni ya uwanja kila mechi.

Jezi ataileta dada yake Alhamisi kabla ya mazoezi. Nimeifua na kuipiga pasi. Njumu ameomba zibaki chumbani kwake, nimemwachia.

Nashukuru kwa miaka miwili uliyomlea. Nisalimie vijana, na Mungu awape ushindi.

Mama Idrisa
Chumbageni