Hodi Kwenye Hema la Zuri

(Kwa anayemsomea mtoto: wageni wa Zuri wanasema Kihispania. "Hola" ni salamu. Herufi h haisikiki, sema "ola". Mistari inayojirudia mwachie mtoto aiseme, hata akiikosea.)

Mvua inanyesha. Zuri ametandika shuka juu ya viti viwili. Hilo ndilo hema lake.

Ngo! Ngo! Ngo!
"Nani anabisha hodi?"
"Hola, Zuri! Nyau! Soy el gato!"

Ni paka, kalowa chapachapa.

"Entra, gato, entra!
Sogea, sogea, nafasi ipo!"

Gato akaingia. Akajilamba mkia.

Ngo! Ngo! Ngo!
"Nani anabisha hodi?"
"Hola, Zuri! Kwa-kwa! Soy el pato!"

Ni bata. Yeye mvua anaipenda, ila amechoka kucheza peke yake.

"Entra, pato, entra!
Sogea, sogea, nafasi ipo!"

Pato akaingia. Akajikung'uta, pwaa! Maji yote yakamrukia gato.

"Nyau!" gato akanuna.

Ngo! Ngo! Ngo!
"Nani anabisha hodi?"
"Hola, Zuri! Kroo-kroo! Soy el sapo!"

Ni chura, ana macho makubwa, karibu yaishinde miguu.

"Entra, sapo, entra!
Sogea, sogea, nafasi ipo!"

Sapo hakuingia kwa kutembea. Aliruka, tii! Akatua juu ya kichwa cha pato.

Gato yumo. Pato yumo. Sapo yumo. Zuri amekunja magoti mpaka kidevuni.

Ngo! Ngo! Ngo!
"Nani anabisha hodi?"
"Hola, Zuri! Soy el mono!"

Mono? Mono ni nani? Zuri akachungulia. Akaona mkia mrefu unaning'inia. Akaona mikono miwili, na ndizi iliyomenywa nusu.

Wewe umeshamjua? Basi mwite!

"Entra, mono, entra!
Sogea, sogea, nafasi ipo!"

Lakini nafasi haipo tena! Mono akamkalia gato. Gato akamsukuma pato. Pato akamtikisa sapo. Sapo akaruka juu, juu, akagonga shuka, na hema lote likawaangukia, bwaa!

Kimya.

Ngo! Ngo! Ngo!

Chini ya shuka, wote kwa pamoja:
"Nani anabisha hodi?"

"Hola, Zuri! Soy mama!"

Zuri akatoa kichwa. Gato akatoa kichwa. Pato akatoa kichwa. Sapo akatoa macho. Mono akatoa mkia, maana kichwa alikuwa hajui kiko wapi.

"Kelele zote hizi ni za nani?" mama akauliza.

Zuri akamtazama gato. Gato akamtazama pato. Pato akamtazama sapo. Sapo akamtazama mono. Mono akala ndizi yake.

Kisha wote wakainua shuka:

"Entra, mama, entra!
Sogea, sogea, nafasi ipo!"

Mama akainama, akaingia, akaketi.

"Kwa-kwa!"

Mama amemkalia nani?