Jarida la Agosti kwa SMS Tatu: Nakala ya Kuidhinishwa na Bodi

Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, habari za kazi. Hapa chini kuna habari zetu za Agosti kama zitakavyobandikwa ubaoni, kisha SMS tatu zilizopunguzwa kutoka humo. Naomba idhini yenu kabla ya Alhamisi 6/8 saa 6 mchana, maana SMS ya kwanza inatoka Ijumaa jioni.

JARIDA

*Mapokezi.* Kuanzia Jumatatu 10 Agosti kiwanda chetu cha kumenya kitapokea kahawa mbivu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Chuma zilizoiva tu, nyekundu kote. Mbichi hazimenyeki vizuri: mashine huzikwaruza au kuzipasua, na zikipita huharibu ladha ya fungu zima, pamoja na kahawa ya jirani aliyechagua kwa uangalifu. Leta siku ile ile uliyochuma. Zikilala kwenye viroba hupata joto na kuanza kuchacha kabla ya kumenywa, na harufu hiyo haiondoki hata kwa kuosha. Kabla ya kupima tutaziloweka. Zinazoelea hurudishwa kwa mwenyewe. Mwanachama anayemenya nyumbani akumbuke kwamba kilo 5 hivi za mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa ya maganda, na aikaushe juu ya kichanja hadi unyevu wa asilimia 11 au 12, akiifunika jua la mchana linapokuwa kali ili maganda yasipasuke.

*Malipo.* Malipo ya awali ni Sh 1,400 kwa kilo ya kahawa mbivu. Yataingia benki Ijumaa 21 Agosti. Kila mwanachama ahakiki namba ya akaunti yake kwa Karani, mwisho Ijumaa 14 Agosti. Jina la kitabu cha chama lisipolingana na la benki, fedha hurudi.

*Mkutano.* Wanachama wote, Jumamosi 22 Agosti, saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Tutajadili ukarabati wa mashine ya kumenya na malipo ya pili. Kitambulisho cha uanachama ni lazima.

SMS 1, Ijumaa 7/8 jioni (herufi 154)

AMCOS: Kuanzia Jtatu 10/8 kahawa mbivu inapokelewa kiwandani Jtatu, Jtano na Ijumaa saa 8 mchana-12 jioni. Leta nyekundu tupu, iliyochumwa siku hiyo hiyo.

SMS 2, Jumatatu 10/8 (herufi 154)

AMCOS: Malipo ya awali Sh 1,400 kwa kilo ya kahawa mbivu yataingia benki Ijumaa 21/8. Hakiki akaunti yako kwa Karani, mwisho 14/8. Hatuombi namba ya siri.

SMS 3, Jumamosi 15/8 (herufi 150)

AMCOS: Mkutano wa wanachama Jmosi 22/8 saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Ajenda: mashine ya kumenya, malipo ya pili. Njoo na kitambulisho cha uanachama.

Kila SMS ina jambo moja na haizidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ikizidi hata kwa herufi moja inakatwa vipande viwili visivyozidi herufi 153 kila kimoja, nasi tunalipia viwili kwa kila mwanachama. Kwa hiyo mkirekebisha, ongezeni neno kwa kuondoa jingine. Nimeepuka pia maneno yenye ritifaa kama ng'oa: baadhi ya simu janja huipinda alama ile, na nafasi ya ujumbe mzima inashuka hadi herufi 70.

Sababu zote zimebaki ubaoni. Uwiano wa kilo 5 kwa 1 sikuuweka kwenye SMS makusudi, kwa kuwa ukisomwa karibu na Sh 1,400 mtu atapiga hesabu ya bei ambayo hatukuiahidi. "Mchana", "jioni" na "asubuhi" msiziguse, kwani saa ya simu huandika 14:00 na wapo watakaochanganyikiwa. Nimeandika "mwisho 14/8" badala ya "kabla ya 14/8" ili siku yenyewe ihesabike. Onyo la namba ya siri halikuwa kwenye jarida. Nimeliongeza kwa sababu ujumbe wa malipo ndio matapeli huuiga.

Karani atume kwanza kwenye simu yake, ya kwangu na kitochi kimoja, aone kama inafika nzima, ndipo atume kwa wote.

Katibu