Utaratibu wa kumkabidhi nyumba mpangaji mpya: Sinza, nyumba namba 3, Jumamosi tarehe 1 Agosti 2026

Kwa Baraka. Nakala kwa Mama Zuhura, mwenye nyumba.

Mdogo wangu, Jumamosi nitakuwa Morogoro, kwa hiyo Bi Neema utampokea wewe. Ameshalipa kodi ya miezi mitatu, shilingi 1,350,000, pamoja na amana ya 450,000, na mkataba ulisainiwa Jumatano. Siku hiyo hakuna fedha ya kupokea. Dalali akitokea, msalimie na umweleze kwamba malipo yake yalishakwisha.

Jambo ninalokusihi ni moja: mzigo usiingie ndani kabla hati ya hali ya nyumba haijasainiwa. Wabebaji wakishaanza kupitisha kabati na friji mlangoni, hakuna atakayeweza kusema mkwaruzo wa ukutani ulikuwepo au umeletwa. Ugomvi mwingi wa amana huanzia hapo, na anayeumia mara nyingi ni mpangaji. Nimekubaliana na Bi Neema afike saa mbili asubuhi, Kirikuu yenye vyombo ije saa nne. Ikiwahi, mwombe dereva asubiri getini.

Wewe fika saa moja. Fungua madirisha, piga deki, washa kila taa na pangaboi, vuta maji ya choo, kisha acha bomba la jikoni litiririke kidogo mpaka maji yaliyolala yatoke. Nyumba imekaa bila mtu tangu katikati ya Julai. Kama kuna kitu kimeharibika, ni heri ukione wewe kwanza.

Funguo

Ziko kumi: za geti dogo mbili, za grili mbili, za mlango wa mbele mbili, za mlango wa jikoni mbili, na za vyumba vya kulala moja moja. Usimpe tu mkononi. Tembeeni mlango kwa mlango, na kila ufunguo aujaribu mwenyewe, afunge na kufungua. Kitasa cha mlango wa jikoni kinataka uvute mlango kidogo ndipo ufunguo uzunguke. Mwonyeshe mchana huu, asije akahangaika usiku.

Sisi hatubaki na ufunguo wowote. Mwambie hivyo waziwazi, maana mwanamke anayehamia peke yake ana haki ya kulala akijua hakuna mwingine anayeweza kufungua. Akitaka kubadilisha silinda ya kitasa, ruksa, mradi ya zamani aitunze airudishe siku ya kuondoka.

Mita

Mita zisomwe na nyote wawili, ninyi mkiwa mmesimama mbele yake, na picha ipigwe kwa simu yake na yako.

Maji: mita ndogo ya nyumba namba 3 ni ya pili kutoka ukutani. Soma tarakimu nyeusi tu. Nyekundu ni sehemu ya uniti. Ijumaa jioni nimeikuta kwenye 412. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ukikuta 413 au zaidi baada ya usafi wako mdogo, huenda kuna maji yanayovuja. Kwa vyovyote fungeni mabomba yote, kisha mtazame kile kigurudumu kidogo cha mita kwa dakika tano. Kisipocheza, andika: "Hakuna uvujaji." Kikicheza, mpigie fundi bomba kabla ya kuendelea. Bili ya DAWASA huja moja kwa uwanja mzima, na sisi tunaigawa kwa mita ndogo. Ndiyo maana namba hii ya kuanzia ni ya muhimu.

Umeme: LUKU ni yake peke yake. Ijumaa imebaki na uniti 37.4, hizo ni zawadi, hatumdai. Hata hivyo mwombe anunue umeme kidogo, wa shilingi 5,000, mkiwa pamoja, aingize tokeni zenye tarakimu 20. Hapo tutajua namba ya mita ni sahihi na hakuna deni la aliyetangulia. Mweleze pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Akikatwa, atunze ujumbe wa manunuzi, nasi tutaipunguza kwenye kodi ya pango inayofuata. Mama Zuhura amekubali.

Hati ya hali ya nyumba

Nimeiandaa Ijumaa na kuchapa nakala tatu. Inasomeka hivi:

"Sisi, msimamizi kwa niaba ya mwenye nyumba, na mpangaji wa nyumba namba 3, tumeikagua nyumba pamoja tarehe 1 Agosti 2026 kabla ya vyombo kuingia, na tumeikuta hivi. Sebule: rangi mpya, taili moja karibu na mlango ina ufa wa urefu wa kiganja, pangaboi linafanya kazi kwa spidi zote. Chumba kikubwa: neti ya dirisha imechanika kona ya chini kushoto, mwenye nyumba ataibadilisha kabla ya tarehe 8 Agosti, kabati la ukutani ni zima. Chumba kidogo: alama ya unyevu darini, ya zamani, ni kavu. Jiko: sinki zima, koki haidondoshi maji, soketi mbili, zote zinafanya kazi. Choo na bafu: choo cha kukaa kizima, shawa ni ya maji baridi, kioo kina doa pembeni. Mpangaji hatadaiwa kasoro zilizotajwa hapa, wala uchakavu wa matumizi ya kawaida. Kasoro iliyojificha ikionekana ndani ya siku saba, itaongezwa kwa maandishi na kusainiwa na pande zote mbili."

Isome kwa sauti, chumba kwa chumba, mkiwa ndani ya chumba husika. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Akiona jambo ambalo sikuliona, liandike kwa kalamu kwa maneno yake, mweke sahihi pembeni. Usibishane naye juu ya doa. Mita na idadi ya funguo ziandikwe chini, kisha sahihi: yeye, wewe, na jirani wa namba 2 kama shahidi. Picha za kila chumba mtumie papo hapo.

Maneno ya kumkaribisha

Dakika kumi zinatosha. Unaweza kusema hivi:

"Karibu sana, dada. Maji ya DAWASA yakikatika, simtanki ya uwani ni ya nyumba zote nne, kwa hiyo tuyatumie kwa kuoneana huruma. Swichi kuu ya umeme iko hapa nyuma ya mlango, na koki ya kufunga maji iko chini ya sinki. Ukinusa harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi. Zimamoto ni 114. Taka hutolewa getini asubuhi ya Jumanne na Ijumaa. Geti hufungwa saa tano usiku, ufunguo unao. Kikiharibika kitu, tuma ujumbe na picha kwa msimamizi, hata kama ni kidogo. Hatutaingia kwako bila kukuarifu siku moja kabla, isipokuwa moto au maji yamepasuka."

Kisha mtambulishe kwa majirani kwa majina, na Jumatatu umsindikize ofisi ya serikali ya mtaa akaandikishwe. Abebe kitambulisho cha NIDA na nakala ya mkataba.

Nakala moja ya hati abaki nayo, moja kwa Mama Zuhura, moja kwenye faili la kijani. Mwite fundi neti Jumapili, kesho yake. Tarehe 8 tumeiandika, na nataka aione imetimia.