Barua kwa Mjukuu Wangu Mwanaidi

Pangani, Tanga
12 Juni 2024

Mjukuu wangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila magoti tu ndiyo yanayonisumbua mvua ikinyesha. Tangazo ulilonitumia kwenye simu ya mama yako nimeliona, pamoja na swali lako kama nitakasirika ukianza kuipaka losheni hiyo inayoahidi weupe ndani ya siku 14.

Sikasiriki, mke mwenzangu, lakini nimelitazama tangazo lile mara tatu. Msichana wa kushoto, aliye mweusi, amepigwa picha gizani akiwa amenuna, na wa kulia amemulikwa taa na kufundishwa kucheka. Naapa ni mtu yule yule. Wanaouza dawa wangekuwa na hakika nayo, wangemwacha acheke pande zote mbili.

Mimi mkorogo nimeuona tangu ujana wangu. Jirani yetu mmoja alijipaka miaka mingi, uso ukawa mwekundu, lakini vifundo vya vidole na masikio vikakataa katakata, hata watoto wakawa wanamwimbia kuwa uso Fanta, miguu Koka. Kicheko hicho kiliisha siku alipopasuliwa, kwa maana kidonda kilichelewa mno kufunga, na daktari akaeleza kwamba krimu zile zilikuwa na steroidi, ambayo ikitumiwa muda mrefu huila ngozi hadi ikawa nyembamba. Nyingine hutiwa zebaki, nayo huharibu figo na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini wewe uliyeko Kariakoo unajua kuliko mimi vinavyouzwa chini ya meza.

Weusi wako haukuja kwa bahati mbaya. Ni wa mama yangu mzazi, aliyelima mpunga juani maisha yake yote, na ngozi yake ikamkinga kwa melanini ile ile ambayo losheni hizo zinakusudia kuizuia. Marehemu babu yako alipokupakata ukiwa na siku saba alisema, "Huyu ndiye mke wangu, amechukua rangi ya nyumbani," nami nikaona wivu kidogo, maana mimi ni maji ya kunde tu.

Nimekutumia liwa na chupa mbili za mafuta ya nazi kwa basi la Jumamosi. Liwa ni ya kulainisha ngozi na kunukia, si ya kukubadilisha rangi, kwa hiyo usiichanganye na kitu kingine. Na kama umekwisha kuanza kupaka losheni ile na unanificha, usiiache ghafla kwa hofu yangu. Nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na kopo lenyewe, akuelekeze namna ya kuiacha.

Nitumie pia picha yako ya Idi, isiyopitishwa kwenye hizo programu za simu zinazong'arisha nyuso, nipate kuibandika karibu na ya babu yako.

Ni mimi bibi yako,
Bi. Mwanahamisi