Chati ya Sura ya 9: Nitumie Kipimo Gani?

Kwa wanafunzi wa cheti, mwaka wa kwanza

Sura ya 9 ya kitabu chetu inaanza na fomula, ndiyo maana wengi mnaifunga mapema. Hapa tunaanza na maswali. Anza Kisanduku 1, jibu, fuata mshale. Ukifika kwenye herufi, hicho ndicho kipimo chako, kisha nenda Kisanduku 7. Fomula ziacheni kitabuni kwa sasa, kompyuta inazijua.

KISANDUKU 1. Andika kabla ya kuangalia data

Andika sentensi mbili na namba moja.

H0, yaani nadharia tete sifuri: "hakuna tofauti" au "hakuna uhusiano".
H1, nadharia tete mbadala: "tofauti ipo".
Kiwango cha kukatia shauri: 0.05, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Viandikwe kwa kalamu, na tarehe pembeni. Anayeandika H0 baada ya kuyaona majibu anajitungia mtihani akiwa tayari ana majibu mfukoni.
→ Kisanduku 2

KISANDUKU 2. Kwa kila mtu au kitu, umeandika nini?

Namba iliyopimwa (gramu, sentimita, alama za mtihani) → Kisanduku 3
Jina la kundi (ndiyo/hapana, amepona/hajapona) → Kisanduku 6

Angalia hapa: ukiandika 1 kwa mwanamke na 2 kwa mwanamume, hizo bado ni majina. Jiulize kama wastani wake una maana yoyote. "Wastani wa jinsia ni 1.4" ni upuuzi, kwa hiyo nenda 6.

KISANDUKU 3. Una makundi mangapi?

Moja, unalilinganisha na kiwango kinachojulikana → A: kipimo cha t cha sampuli moja (kwanza pita 5)
Mawili → Kisanduku 4
Matatu au zaidi → D: ANOVA (kwanza pita 5)

Msifanye t mbilimbili kwa makundi matatu. Kila kipimo kina nafasi yake ya kukudanganya, na nafasi hizo zinalimbikizana.

KISANDUKU 4. Ni watu walewale wamepimwa mara mbili?

Ndiyo, mfano shinikizo la damu kabla na baada ya dawa → B: t ya jozi
Hapana, kundi hili ni wengine na lile ni wengine → C: t ya makundi huru, na mchague ile ya Welch, ambayo haidai makundi yawe na mtawanyiko sawa
(Zote mbili, kwanza pita 5)

KISANDUKU 5. Chora kwanza

Chora histogramu ya namba zako. Ukifika hapa ukitokea B, chora tofauti za kila jozi. Je, sampuli ni ndogo (chini ya 30 hivi) na mchoro umevutika sana upande mmoja, au kuna namba moja iliyokimbilia mbali na wenzake?

Hapana → endelea na herufi yako
Ndiyo → tumia kipimo cha kupanga nafasi: badala ya A au B, Wilcoxon, badala ya C, Mann-Whitney, badala ya D, Kruskal-Wallis

Namba ya 30 ni desturi ya walimu tu, msiigombanie.

KISANDUKU 6. Hesabu zinazotarajiwa zinafika 5?

Panga data kwenye jedwali. Kwa kila seli: jumla ya mstari × jumla ya safu ÷ jumla kuu. Tuseme watu ni 40, wenye neti ni 15, waliougua ni 12. Seli ya "neti na kuugua" inatarajiwa iwe na 15 × 12 ÷ 40 = 4.5. Haijafika 5.

Seli zote 5 au zaidi → E: kai-mraba
Kuna iliyopungua → F: kipimo halisi cha Fisher

Jedwali la neti, basi, linakwenda F. Kipimo hicho kina kisa chake, na ukikielewa umeielewa thamani ya p yote. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwanasayansi Muriel Bristol alidai anaweza kuonja chai na kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Ronald Fisher akaligeuza dai hilo kuwa jaribio: vikombe 8, vinne kwa kila namna, vikiwa vimechanganywa. H0: hajui, anabahatisha. Sasa, njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70, na iliyo sahihi kabisa ni moja. Anayebahatisha atapata vyote mara 1 katika 70, sawa na 0.014. Hiyo ndiyo p ya mtu aliyepatia vyote: kama H0 ni kweli, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea kwa bahati tu kwa kiasi gani?

Kwa hiyo p haisemi uwezekano wa H0 kuwa kweli. Swali hili huja kwenye mtihani kila mwaka.

KISANDUKU 7. p ni 0.05 au chini?

Ndiyo → kataa H0
Hapana → huna ushahidi wa kutosha kukataa H0. Usiandike "nimethibitisha hakuna tofauti". Pengine tofauti ipo ila sampuli yako ilikuwa ndogo mno kuiona.

Tupite njia moja pamoja

Paketi 10 za unga wa sembe zimeandikwa gramu 1000. Je, kweli zina wastani huo? H0: wastani ni 1000. Kisanduku 2: gramu ni namba, nenda 3. Kundi moja na kiwango kinachojulikana: A. Kisanduku 5: hakuna iliyokimbia. Kwenye R:

```
uzito <- c(992, 998, 985, 1001, 990,
           995, 988, 1003, 994, 984)
t.test(uzito, mu = 1000)
```

Wastani ni 993, mchepuko sanifu 6.45. Pengo la gramu 7 tunaligawa kwa 6.45 ÷ √10, yaani 2.04, t inakuwa -3.43, na p iko chini ya 0.01. Tunakataa H0. Sentensi ya ripoti: "Paketi zina wastani wa gramu 993, pungufu ya 1000 zilizoandikwa (t = -3.43, digrii huria 9, p < 0.01), kwa uhakika wa asilimia 95, wastani halisi uko kati ya 988.4 na 997.6." Tajeni gramu kila mara. Mnunuzi wa unga hana kazi na p, anataka kujua kapunjwa kiasi gani.

Kazi ya Alhamisi

Leteni herufi na njia mliyopita, bila hesabu.

1. Alama za hesabu za wanafunzi 45 kutoka mikondo mitatu.
2. Uzito wa watoto 12 kabla na baada ya miezi miwili ya lishe. Mtoto mmoja ameongezeka kupita wenzake wote.
3. Wakulima 200: wametumia mbolea au hawakutumia, wamevuna vizuri au vibaya.
4. Urefu wa mahindi na kiasi cha mvua kwa kila shamba. Hili chati haina njia yake. Andikeni ni kisanduku gani mlikwama, na kwa nini.