YAH: MAOMBI YA KUIDHINISHIWA MBAO ZA MKONGO BADALA YA MNINGA

Mhandisi Msimamizi,
Ujenzi wa Zahanati ya Kijiji,
Handeni, Tanga.

Ndugu Mhandisi,

Tafadhali rejea mchanganuo wa vifaa unaotaka milango 14 ya paneli itengenezwe kwa mninga. Kwa wiki tatu tumezunguka maduka ya mbao ya Handeni, Korogwe na Tanga mjini bila kupata mninga mkavu. Uliopo bado ni mbichi, na mlango wa mbao mbichi hupinda kabla vanishi haijakauka vizuri.

Kwa hiyo ninaomba kibali cha kutumia mkongo, ambao kama mninga haushambuliwi kirahisi na mchwa, hausinyai sana ukishakauka, na ni mgumu zaidi, ingawa ugumu huohuo humchosha seremala na kumalizia misumeno yake makali. Mkongo pia ni mzito, hivyo kila mlango utafungwa bawaba tatu badala ya mbili. Aidha, vinyweleo vyake huwa na unga mweupe unaoacha doa la njano ukilowa, ndiyo maana milango ya vyoo itapigwa vanishi pande zote, hata kingo za chini.

Mlango wa mninga ulikadiriwa shilingi 420,000. Wa mkongo ni shilingi 455,000, yaani ongezeko la shilingi 490,000 kwa milango yote. Gharama ya bawaba za ziada tutaibeba sisi.

Kipande cha sampuli, kilichopigwa vanishi nusu, kimeambatishwa. Tunaomba jibu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa mafundi wa lipu wanasubiri fremu.

Wako mtiifu,
Mkandarasi